Salamu za Kufungulia Mahafali: Nani Aanze, Nani Afuate



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, msimu wa mahafali umewadia, na kila msimu huu ukifika hubishiwa hodi na mtu mwenye karatasi mkononi, aliyepewa hotuba ya kufungulia hafla. Huwa haogopi maneno ya katikati. Linalomsumbua ni zile sentensi za mwanzo: amtaje nani kwanza, amwache nani, na asimvunjie nani heshima.

Mwaka huu aliyekuja ni mpwa wangu, mhadhiri katika chuo kimoja hapa Mombasa. Baada ya shikamoo na marahaba akanipa rasimu yake. Nikahesabu majina kumi na tisa kabla ya kufika neno la kwanza la maana. Alikuwa amemtaja mkuu wa kila idara, kisha wageni wanane kwa majina na vyeo vyao, na mwishoni kabisa, kwa neno moja tu, “wazazi”.

“Mjomba,” akasema, “naogopa kumsahau mtu.”

Nikamwambia kwamba orodha ndefu ndiyo inayosahaulisha watu. Ukiwataja wakuu watatu wa idara kwa majina, wa nne akikutoka ulimini umemtukana mbele ya watu wake. Ukiwasalimu wote kwa pamoja, “wakuu wa idara na wahadhiri”, hakuna aliyetengwa. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ilikuwa hii: jina na cheo kwa wale watatu au wanne wa juu tu, waliobaki wasalimiwe kwa makundi yao.

Hao wa juu ni akina nani? Katika vyuo vikuu vyetu, mwenye kutunuku shahada ni Mkuu wa Chuo, anayeitwa Chansela. Hafla ile ni yake, basi yeye hutangulia, isipokuwa akiwapo Rais wa nchi. Humfuata Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, kisha Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mwendeshaji wa shughuli za kila siku. Baada yao huja mgeni rasmi, ikiwa si mmoja wa hao, kisha wageni waheshimiwa, wahadhiri na wafanyakazi, wazazi na walezi, na mwisho wanaotunukiwa. Vyuo vingine humpandisha mgeni rasmi juu zaidi, kwa hiyo usikisie. Iombe ofisi ya msajili orodha ya meza kuu siku moja kabla, na uitazame tena asubuhi, kwa kuwa mheshimiwa aliyetarajiwa huenda amemtuma mtu. Huyo husalimiwa kuwa “mwakilishi wa” fulani, wala hapewi cheo kisichokuwa chake.

Mpwa wangu akauliza: “Mbona nisifupishe tu, niseme itifaki imezingatiwa?” Swali zuri. Neno hilo ni halali kwa msemaji wa pili na wanaomfuata, kwani maana yake ni kwamba daraja za watu zimekwisha kutajwa. Anayefungua hana wa kumtegemea mbele yake. Yeye ndiye anayeizingatia itifaki kwa niaba ya wote, ili wenzake wapumzike. Akilisema yeye, amedai kazi ambayo haijafanywa.

Tukaja kwenye salamu yenyewe. Mwanzo wetu ni kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume (s.a.w.), kisha salamu. Kuijibu salamu ni wajibu, na katika Surat An-Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tuijibu kwa iliyo bora zaidi au mfano wake. Basi ukishasalimu, nyamaza kidogo upewe haki hiyo. Wapo wasemaji wanaoirudia salamu mara tatu wakidai hawakusikia jibu, mpaka ukumbi upige kelele. Hilo si adabu. Salamu ni dua, si zoezi la kupasha sauti. Na kwa kuwa mikusanyiko yetu ya Pwani huwa na watu wa dini mbalimbali, ongeza “Habari za asubuhi, wageni wetu wote” ili jirani asiyekuwa Mwislamu naye ajue amekaribishwa.

Hapo ndipo tulipofika palipokuwa na uzito. Mpangilio wa heshima una ncha mbili. Anayetajwa wa kwanza hupewa heshima ya mamlaka. Anayetajwa wa mwisho hupewa masikio, kwa kuwa sentensi inayofuata huelekezwa kwake. Ndiyo maana wanaotunukiwa hukaa mwisho bila ya kudunishwa. Wanaopotea ni wa katikati, na hapo katikati wako wazazi. Mama aliyeamka alfajiri miaka minne akikaanga mahamri ili karo ipatikane, leo yuko chini ya hema la nyuma, hata jukwaa halioni vizuri. Neno moja la kupita halimtoshi. Hawezi kupandishwa juu ya Chansela, lakini anaweza kupewa sentensi yake kamili. Na tuseme “wazazi na walezi”, maana wamo waliolelewa na nyanya au shangazi, na wamo mayatima ambao siku hiyo kiti cha mzazi ki tupu.

Jambo la mwisho lilikuwa jina la vijana wenyewe. Hotuba ya ufunguzi husomwa kabla Chansela hajatamka maneno ya kutunuku. Kwa wakati huo bado ni wahitimu watarajiwa. Kuwaita “wahitimu wetu” si dhambi, lakini wahadhiri walioko mbele wataliona kosa.

Tulipomaliza, mwanzo wake ulisomeka hivi, baada ya hamdu, swala na salamu:

“Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo, mgeni wetu rasmi, wageni waheshimiwa mliotoka karibu na mbali, wakuu wa idara, wahadhiri na wafanyakazi wenzangu. Wazazi na walezi, nyinyi mlioanza kufundisha kabla yetu, na mliotuamini mkatukabidhi watoto wenu, karibuni kwenye siku yenu. Waliotangulia mbele ya haki kabla ya kuiona, Mola awarehemu. Na nyinyi wahitimu watarajiwa, mnaongojea kuitwa majina yenu: karibuni.”

Majina ya wale watatu wa kwanza na la mgeni rasmi aliyaandika kwa kalamu pembeni, asubuhi ile, baada ya kuhakikisha waliofika. Tukaisoma kwa sauti, taratibu, saa mkononi: haikufika dakika moja na nusu. Ile rasimu ya mwanzo ilikula dakika nne. Tunajua kutoka kwa Ammar bin Yasir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alihesabu kufupisha hotuba kuwa dalili ya ufahamu wa mtu. Hilo lilisemwa juu ya hotuba ya Ijumaa, lakini watu walioketi juani wanalihitaji vilevile.

Alipokuwa akiondoka aliniuliza afanyeje mheshimiwa akiingia katikati ya maneno yake. Nikamwambia amalize sentensi, atue, amkaribishe kwa cheo chake mara moja, kisha aendelee pale alipoachia. Asirudi mwanzo kupanga daraja upya, kwa sababu waliowahi nao wana haki yao.