Wateja Si Viti vya Plastiki

Nilipoacha kazi katika kampuni ndogo ya matangazo hapa Nyeri, marafiki waliniuliza swali moja tu: wateja utawabeba? Kana kwamba wateja ni viti vya plastiki. Kwa miaka miwili niliandikia hoteli moja ya Nanyuki na shule moja ya Karatina. Walinijua kwa jina, lakini pesa walilipa kampuni.

Basi nikausoma mkataba upya. Ulisema kwa miezi 12 nisiwashawishi wateja niliowahudumia. Hapo kitenzi ndicho kila kitu. Mikataba mingine hukataza hata kupokea kazi ya mteja aliyekufuata mwenyewe. Wangu ulikataza kushawishi tu.

Mtaani utaambiwa vifungu hivi ni vitisho tu. Ni kweli Sura ya 24 ya sheria za Kenya inairuhusu Mahakama Kuu kubatilisha kizuizi cha kibiashara kisicho cha haki, ikitazama aina ya kazi, muda na eneo. Lakini mpaka jaji aseme hivyo umeshalipa wakili, na pesa hizo si za kuandika menyu ya hoteli.

Orodha ya namba za wateja niliiacha kwenye kompyuta ya kampuni. Wateja walitoa namba hizo kwa ajili ya kazi ya kampuni, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kuondoka nazo kimyakimya kunaweza kukuletea kesi nyingine kabisa.

Nikiwa bado kwenye notisi, nilimuuliza bosi nani atawaambia wateja. Tukaandika ujumbe pamoja, ukatoka kwa laini ya kampuni: naondoka mwisho wa mwezi, mwenzangu fulani atachukua kazi, asanteni. Haukuwa na namba yangu wala neno kuhusu niendako.

Baada ya miezi mitatu, mama mwenye hoteli akanipata kupitia jamaa yake.

"Kijana wangu, ulipotelea wapi? Nataka uniandikie menyu mpya."

"Mama, hiyo menyu kampuni imeshaianza?"

"Hapana, hata sijawaambia."

Nikamwomba aniandikie hivyo kwenye Wasapu kwa maneno yake, ili ionekane ni yeye aliyenitafuta. Bei sikutaja. Kisha nikampigia bosi kabla ya kukubali, maana Nyeri na Nanyuki ni karibu na angesikia tu, heri asikie kwangu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Menyu chukua. Tovuti yao iache." Nikamtumia ujumbe wa kuthibitisha hayo, akajibu sawa.

Ile shule haijanitafuta. Naona matangazo yao Fesibuku, herufi zimekosewa, na kodi ya nyumba inanidai. Imebaki miezi minne. Nikiona "kalibuni" kwenye bango lao, nasoma na kupita.