Korido ya Magomeni

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mvuta fokasi. Mpiga kamera hubeba kamera na kuamua nini kionekane. Mimi nilikaa karibu naye na gurudumu dogo mkononi, nikihakikisha macho ya mwigizaji hayaingii ukungu, asogee mbele au arudi nyuma. Katika shoti za kawaida kazi hiyo ina nafuu. Fokasi ikipotea kwa sekunde mbili, mhariri atazikata, atapachika uso wa mtu mwingine, na mtazamaji hatajua. Shoti ndefu isiyokatwa haimpi mhariri nafasi hiyo. Kufupisha ukimya, kuongeza kasi, kumhamisha mtazamaji kutoka uso huu kwenda ule, yote hayo hufanywa palepale, kwa miguu ya waigizaji na ya watu wa kamera.

Shoti iliyonifundisha zaidi tuliipiga Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma. Binti anatoka barabarani na habari ya msiba. Anapita koridoni huku shangazi yake akimfuata kwa maswali, anafika uani alikoketi babu yake, naye babu anasema sentensi moja. Dakika nne. Mwongozaji hakutaka kukata popote, kwa kuwa binti anabeba jambo ambalo bado hajalitamka, na kila mkato ungempa mtazamaji nafasi ya kupumua ambayo binti mwenyewe hana.

Reli hazikufaa, maana kamera ikigeuka uani ingeziona. Tukatumia stedikamu: fulana ngumu inayofungwa kiwiliwili, mkono wa springi, na nguzo inayobeba kamera ili hatua za mbebaji zisionekane kwenye picha. Mzigo wote ulikaribia kilo 25. Mpiga kamera wetu alipita korido nzima kinyumenyume, na nyuma yake alikuwapo kijana aliyemshika mkanda, akimwongoza kwa kumvuta tu. Hawakusemezana, kwa sababu vinasa sauti vilifichwa ndani ya khanga za waigizaji na vingenasa hata mnong'ono.

Mwanga ndio ulioamua saa ya kupiga. Tulisubiri alasiri, barabara ikishaingia kivulini, na hata hivyo tundu la lenzi lilihitaji kuwa 11 nje na 2.8 koridoni, ingawa tulificha taa kwenye vyumba vyote vya pembeni. Hizo ni hatua nne, na kila hatua huingiza mwanga maradufu, yaani mara 16 kwa jumla. Mwenzangu aliyeshika rimoti ya tundu alipaswa kulifungua taratibu wakati binti anavuka kizingiti, pazia la mlango likiwa limejaa kwenye picha, ili jicho lisione badiliko.

Hapo ndipo ugumu wangu ulipoanzia. Tulitumia lenzi ya milimita 35, na binti alitakiwa abaki mita mbili kutoka kwenye kamera. Kwa tundu la 11, umbali huo unakusamehe sana: kuanzia chini kidogo ya mita moja na nusu hadi zaidi ya mita tatu na nusu, kila kitu kinaonekana safi. Likifunguka hadi 2.8, unabaki na sentimita kama 20 mbele ya macho yake na 25 nyuma. Kwa hiyo kwenye kizingiti kilekile, katika hatua mbili za binti, nafasi yangu ya kukosea ilipungua kutoka zaidi ya mita mbili hadi chini ya nusu mita. Alama za tepu sakafuni hazikuwezekana, maana sakafu ilionekana. Nilipima kwa kifaa cha leza umbali wa kila fremu ya mlango, mtungi na swichi ya taa, nikajifunza kuyasoma maumbo hayo kwa jicho wakati kamera inapita.

Hata hivyo vipimo havimshiki binadamu. Binti alikuwa mwigizaji mzuri, na mwigizaji mzuri huzuni ikimpanda huharakisha mwendo. Mita mbili zinakuwa moja na nusu. Kwenye skrini ndogo hulioni kosa hilo. Tulipotazama teki kwenye skrini kubwa nilianza na sikio lake: sikio likiwa safi na jicho lina ukungu, fokasi imebaki nyuma, maana yake amemkaribia mpiga kamera kuliko tulivyokubaliana.

Kumwambia mwigizaji "punguza mwendo" ni kumharibia. Ataanza kuhesabu hatua, na uso utaonyesha hesabu. Mwongozaji alipata njia nyingine: alihamisha swali gumu la shangazi hadi mlango wa chumba cha pili, mahali ambapo binti alikuwa akikimbilia mbele. Sasa alikuwa na sababu ya kusita. Mwendo ukatulia bila yeye kuuwazia. Ndiyo maana naamini kwamba katika shoti ndefu mazungumzo hupangwa kwa mita. Neno likihama hatua tatu, fokasi, taa na kamera vyote vinahama nalo.

Mzigo mzito kuliko wote ulikuwa wa babu. Alikuwa na sentensi moja tu, mwishoni. Akiteleza ulimi, dakika zote zilizotangulia zinakwenda bure. Jioni ya mazoezi nilimpelekea maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hawa watoto wakikosea mwanzoni, mnasimamisha na kuanza upya. Nikikosea mimi, nimewala wote."

Mwongozaji alimsikia. Kesho yake tulifanya mazoezi kuanzia mwisho: kwanza uani peke yake, kisha kutoka mlango wa nyuma hadi uani, kisha korido, na barabara mwisho kabisa. Kwa njia hiyo sehemu ya babu ilirudiwa kuliko nyingine zote, na watu wakichoka walikuwa wanaelekea mahali wanapopajua zaidi.

Mwanga mzuri ulidumu kama saa moja. Kurudisha kila kitu mwanzo, mkaa kwenye jiko, wapita njia mahali pao, betri, mgongo wa mpiga kamera, kulichukua dakika 20. Kwa jioni moja unapata teki tatu, basi. Nilikuwa nikiwaza kundi la Aleksandr Sokurov lililopiga Safina ya Urusi ndani ya makumbusho ya Hermitage, Sankt Peterburg, tarehe 23 Desemba 2001: zaidi ya saa moja na nusu bila mkato, stedikamu mwilini mwa Tilman Büttner, mchana mfupi wa majira ya baridi ukiisha. Majaribio matatu yaliharibika mapema. La nne likafika mwisho.

Sisi tulibaki na teki mbili zilizofika mwisho. Ya kwanza ilikuwa safi kuanzia barabarani hadi uani. Katika ya pili, binti aliharakisha mlangoni mwa chumba cha tatu na macho yake yakaingia ukungu kwa muda mfupi, lakini alipomfikia babu sauti ilimkwama kwa namna ambayo hatukuiona kabla. Mtayarishaji akapendekeza tuziunganishe kwenye pazia: barabara ya teki safi, korido na ua wa ile nyingine. Alfred Hitchcock alificha baadhi ya viungo kwa njia kama hiyo katika Kamba ya 1948, akipitisha kamera mgongoni mwa mtu, kwa kuwa mkanda wa filamu ulitosha dakika kama kumi tu. Tulijaribu. Pazia lilificha picha, lakini halikuficha pumzi. Binti wa teki safi aliingia mlangoni akiwa ametulia, na upande wa pili wa pazia akatokea mwingine anayehema.

Mwongozaji akachukua teki ya pili nzima, pamoja na ukungu wake. Ningechagua hivyohivyo. Miezi kadhaa baadaye wasambazaji walitaka filamu ipunguzwe, na kila sini ilitoa sekunde zake chache isipokuwa ile, kwa sababu hapakuwa na pa kuikata.