Mzee Anasema, Shairi Linasema Nini?

Nilipokuwa kidato cha nne, katika mtihani wa majaribio, tulipewa shairi ambamo mzee anawakemea vijana kwa kuacha mila. Swali la mwisho lilikuwa fupi: "Mshairi anaegemea upande gani? Thibitisha." Lilikuwa na alama nne. Mimi nilipata sifuri.

Sikupata sifuri kwa sababu sikuelewa Kiswahili. Wiki ile babu yangu alikuwa amemwambia baba kwamba karo yangu ni fedha za kutupa mtoni, kwa kuwa msichana ni wa kuolewa. Nikaingia chumba cha mtihani nikiwa bado naisikia sauti yake, nikalisoma shairi kana kwamba babu ndiye aliyelitunga. Nikaandika kwamba mshairi ni adui wa vijana na hapendi maendeleo. Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya neno "mshairi", kisha akaandika pembeni: "Nani amekuambia mzee ndiye mshairi?"

Sasa mimi ni mwalimu, na kosa lile naliona kila mwaka katika madaftari ya wanafunzi wangu. Ndiyo maana nilitunga shairi langu mwenyewe la kufundishia swali hili. Lisome mara mbili kabla ya kuendelea.

Enzi Zetu

Nimekaa barazani, vijana nawatazama,
Mmeinama simuni, salamu zimewahama,
Mwapita kama wageni, hapana anosimama,
Enzi zetu hazirudi, dunia mmeivunja.

Mmeuza letu shamba, kununua pikipiki,
Hamkuijenga nyumba, na deni halilipiki,
Mwenyewe sasa ayumba, mguu haukunjiki,
Enzi zetu hazirudi, dunia mmeivunja.

Binti ana suruali, kuolewa akataa,
Mambo yake ni makali, kanga zake zachakaa,
Japo jicho hili, kweli, alitibu likang'aa,
Enzi zetu hazirudi, dunia mmeivunja.

Nendeni zenu wanangu, mjini mkatulie,
Kwenye hii simu yangu, kidogo mnirushie,
Miguu ina machungu, dawa zangu mlipie,
Enzi zetu hazirudi, dunia mmeivunja.

Mambo ya umbo tuyapite haraka. Ni tarbia, kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, na mshororo wa mwisho unarudiwa katika kila ubeti, kwa hivyo ni kibwagizo. Ukiulizwa uhuru wa mshairi, "anosimama" ni inkisari ya "anayesimama", na "letu shamba" ni kufinyanga sarufi. Alama hizo ni rahisi, zichukue uende zako.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Anayesema ni nani? Ni mzee. Tunajua kwa sababu amekaa barazani, anawaita anaowasemesha "wanangu", na anazungumzia "enzi zetu". Huyo ndiye nafsineni. Vijana ni nafsinenewa, nao hawajibu hata neno moja katika beti zote nne. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanasema: aliyepewa nafasi ya kusema peke yake ndiye anayeungwa mkono. Lakini mtunzi anaweza kumpa mtu nafasi yote ya kusema ili ajifichue mwenyewe, kama vile shahidi anavyoachwa aendelee kusema mahakamani mpaka ajipinge.

Ukitaka mfano wa kitabuni, mkumbuke Okot p'Bitek wa Uganda. Mwaka 1966 ulitoka wimbo wake wa Lawino, ambamo mke asiyesoma shule anaitetea mila ya Waacholi na kumkejeli mumewe, Ocol, aliyelewa elimu ya kizungu. Okot mwenyewe alikuwa mwanamume, tena aliyesoma katika vyuo vikuu vya Uingereza, Oxford kikiwemo. Lawino si Okot. Na mwaka 1970 mwandishi huyo huyo akatoa wimbo wa Ocol, mume naye akapata zamu ya kusema. Ukisema "mshairi anasema" kila mahali penye sauti ya Lawino, utakuwa umemfuta mtunzi na kumweka mhusika mahali pake.

Basi kama hatuwezi kulijua shairi kwa kumsikiliza mzee tu, tutalijuaje? Mimi huwaambia wanafunzi watafute mahali ambapo maneno ya mzee yanamgeuka. Katika "Enzi Zetu" neno la kulitilia maanani ni dogo sana, ni "japo" la ubeti wa tatu. Mzee anamlaumu binti kwa suruali, kwa kukataa kuolewa, kwa kanga zilizochakaa. Kisha, bila kulazimishwa na mtu, anakiri kwamba binti huyo ndiye aliyemtibu jicho. Angalia jambo moja zaidi: katika mshororo wa kwanza kabisa mzee alituambia "nawatazama". Macho anayowatazamia vijana akiwalaumu yametibiwa na mmoja wao. Mzee hatusemei hilo. Shairi ndilo linalolisema, kwa kuuweka ubeti wa tatu mbele ya msomaji aliyekwisha kuusoma wa kwanza.

Simu nayo inatajwa mara mbili. Katika ubeti wa kwanza ni kitu kinachowainamisha vijana na kuwafukuzia salamu. Katika ubeti wa nne mzee naye anayo, anaiita "simu yangu", na anaomba arushiwe fedha humo. Kifaa ni kile kile. Hapo kuna kejeli, na kejeli hiyo inamwelekea mzee. Kwa simu na kwa binti, basi, shairi haliko upande wake.

Ukifika hapa kalamu itataka kukimbia na kuandika kwamba mzee ni mnafiki na shairi liko upande wa vijana. Ngoja kwanza. Rudi kwenye ubeti wa pili. Mle hamna "japo". Shamba limeuzwa, pikipiki imenunuliwa, nyumba haikujengwa, deni limebaki, na kijana mwenyewe ana mguu usiokunjika. Hakuna mahali popote baadaye ambapo shairi linamrudi mzee kwa habari ya shamba. Tena hasemi "shamba langu". Anasema "letu", yaani hata hao vijana ni lao, na hasara anayoilalamikia ni yao kabla ya kuwa yake. Hapo mzee hatetei mila kwa sababu ni mila. Anasema kitu kilichotokea, na aliyeumia anaonekana. Kwa habari ya ardhi, shairi liko naye.

Toni nayo inabadilika, na unaweza kuionyesha kwa sarufi tupu. Beti tatu za kwanza zimejaa vitenzi vya kushuhudia na kushtaki: "mmeinama", "mwapita", "mmeuza", "akataa". Ubeti wa mwisho unahamia kwenye "mkatulie", "mnirushie", "mlipie". Hiyo ni hali ya kuomba. Mshtaki amekuwa mwombaji. Kwa hiyo usiandike "toni ni ya ukali" ukakoma hapo. Andika kwamba inaanza kwa lawama na kuishia kwa kusihi, kisha utoe kitenzi kimoja kutoka kila upande.

Kibwagizo ndicho mtego mkubwa. Kwa kuwa kinarudiwa mara nne, mtahiniwa anakichukua kuwa ndio msimamo wa shairi. Lakini kinachorudiwa hakibaki na maana moja. Baada ya ubeti wa kwanza ni hasira ya mtu aliyenyimwa salamu. Baada ya wa pili ni huzuni yenye sababu. Baada ya wa tatu kinasikika vibaya, kwa sababu anayetuhumiwa kuivunja dunia ametoka kulitengeneza jicho. Baada ya wa nne sikioni mwangu ni sauti ya mtu anayejua kwamba analotegemea sasa ni hilo hilo alilolilaumu. Na kipande cha kwanza, "enzi zetu hazirudi", ni kukubali. Mzee mwenyewe hadai zirudi.

Hivi ndivyo ningelijibu swali la alama nne:

"Shairi haliegemei upande mmoja kwa kila jambo. Linaukosoa msimamo wa mzee kuhusu simu na kuhusu binti, kwa kuwa yeye mwenyewe ananufaika navyo: binti 'alitibu' jicho lake (ubeti wa 3) na anaomba fedha kupitia 'simu yangu' (ubeti wa 4). Hata hivyo, linamuunga mkono kuhusu kuuza shamba, kwani hasara imeonyeshwa wazi: deni halilipiki na kijana ameumia mguu (ubeti wa 2)."

Hayo ni madai mawili, kila moja na ushahidi wake kutoka kwenye ubeti unaotajwa. Sikuandika lolote juu ya babu yangu, wala juu ya ninavyofikiri vijana wa siku hizi wanapaswa kuishi. Mtahini hakuuliza hayo.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinipinga darasani. Alisema shairi liko upande wa mzee moja kwa moja, na kwamba kuomba dawa si kejeli hata kidogo. Kwa mila, alisema, mtoto humtunza mzazi, na hapo mzee anadai haki yake ile ile ya zamani, ila njia ya kuipokea ndiyo mpya. Akaonyesha kwamba mzee anasema "wanangu" katika ubeti ule ule wa kuomba, wala si "vijana" kama katika ubeti wa kwanza. Nilikuwa nimelitunga shairi hilo mwenyewe na sikuwahi kuliona jambo hilo. Nikamwuliza: na "japo" ya ubeti wa tatu? Akafikiri kidogo, akasema hiyo hana jibu lake. Nikampa alama tatu.