Saa Tano ya Nani?

Mlangoni mwa duka la dawa jijini London pameandikwa: Jumatatu hadi Jumamosi, 8 hadi 5, sikukuu hufungwa. Binti aliyekulia huko alimwambia mamaye kwa simu, "Mama, wanafunga saa tano." Mama, mzaliwa wa Unguja, alielewa saa tano usiku. Akafika saa moja jioni. Mlango umefungwa, na vidonge vyake vya presha vimekwisha. Tano ya tangazo lile ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwani Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na tena linapotua. Sasa binti hutoa sita katika nane, huongeza sita katika tano, ndipo humwambia mama: saa mbili hadi kumi na moja.