Barakoa ya mtoto haipimwi kwa darasa, inapimwa kwa uso

Tangu shule zifunguliwe tarehe 4 Januari 2021, ujumbe unaoingia kwa simu ya shangazi yangu ni ule ule. Yeye ni fundi wa nguo hapa Kitale, na wateja wake wengi wa barakoa ni jamaa na marafiki walio Bungoma. Wanaandika hivi: "Tushonee tatu za mtoto wa darasa la nne, mbili za mtu mzima." Barakoa zinawekwa kwa mfuko, zinapanda matatu, zinapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye mpaka Bungoma. Siku mbili baadaye simu inalia: ya mtoto inaanguka puani, ya baba inamfinya.

Mimi ndiye ninayemjibia hizo meseji, kwa hivyo nina maoni, na leo nitayasema. "Darasa la nne" si saizi. "Mtu mzima" pia si saizi. Kama unataka barakoa ikae, chukua tepu upime kutoka mwanzi wa pua mpaka kidevu. Hicho ndicho kipimo chenye maana kuliko vingine vyote.

Kwa nini kipimo hicho na si upana wa uso? Kwa sababu upana unaweza kurekebishwa hata baada ya kushona. Lastiki ikilegea unafunga fundo, ikikaza unaongeza kipande. Lakini urefu wa kitambaa kutoka puani hadi kidevuni ukishakatwa umekatwa. Ukifupika nusu inchi, hakuna fundo litakalouongeza. Ndiyo maana wazazi wanafunga mafundo mpaka masikio ya mtoto yanajikunja, na bado pua iko nje. Wanatibu upana, ilhali ugonjwa uko kwa urefu.

Na usidhani watu wazima wako sawa. Taasisi ya Marekani inayoitwa NIOSH, ambayo hushughulikia usalama wa wafanyakazi, hutumia vipimo viwili vya uso kupanga saizi za barakoa za kazini: upana wa uso, na urefu kutoka mwanzi wa pua hadi kidevu. Katika jedwali lao urefu huo unaanzia milimita 98.5 na kufika 138.5. Hiyo ni tofauti ya kama inchi moja na nusu kati ya watu wazima wenyewe. Sasa ukiambiwa "saizi ya mtu mzima ni moja," jiulize ni mtu mzima yupi.

Kuna jambo moja la kuangalia hapo. Wao hupima kwa mstari ulionyooka. Fundi wa kitambaa hapimi hivyo, kwa maana kitambaa hupanda juu ya pua kabla ya kushuka. Kwa hivyo sisi tunafanya hivi. Mwambie mtoto akae wima, aangalie mbele. Weka mwanzo wa tepu kwenye mwanzi wa pua, pale juu miwani inapokaa. Shusha tepu ipite ncha ya pua, ipite midomo, iishie chini ya kidevu, si mbele yake. Andika namba. Halafu mwambie afungue mdomo kama anayesema "aa", upime tena. Andika namba ya pili. Kama huna tepu, tumia uzi, uweke alama kwa kalamu, kisha uulaze kwa rula.

Namba ya pili ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo inayoamua. Taya likishuka, kidevu kinavuta barakoa chini. Kama hakuna kitambaa cha akiba, pua inabaki uchi. Mtoto hakai kimya darasani. Anajibu mwalimu, anasoma kwa sauti, anacheka. Barakoa iliyopimwa mdomo ukiwa umefungwa inafaa picha tu.

Tuchukue binamu yangu, ambaye kweli yuko darasa la nne huko Bungoma. Mamake alitutumia namba mbili: inchi 5 mdomo ukifungwa, inchi 5½ ukifunguliwa. Shangazi alichukua ile kubwa, 5½, akaongeza robo inchi juu na robo inchi chini za pindo, akakata kitambaa chenye kimo cha inchi 6. Baada ya kupinda kilibaki 5½. Kisha akaweka mikunjo miwili, kila mmoja ukila inchi moja, kwa hivyo pembeni kwenye mashavu kulibaki inchi 3½. Katikati mikunjo inafunguka mtoto anapoongea, pembeni inabaki imeshonwa na haichezi.

Mamake mtu, yeye alipima 6 na 6½. Kitambaa chake kilikatwa inchi 7, mikunjo ikawa mitatu. Pembeni napo palibaki 3½. Ukiziweka mezani zimekunjwa, hizo barakoa mbili zina kimo sawa. Tofauti yake iko ndani ya mikunjo. Ndiyo maana kuchagua sokoni kwa macho kunadanganya: kabla ya kununua, ifungue katikati uipime ikiwa imenyooka.

Ikifika nyumbani, ijaribu kabla ya kuivaa shuleni. Mtoto aivae, ahesabu kwa sauti kutoka moja hadi ishirini. Ikiteremka chini ya pua, ni fupi. Ikimchoma chini ya macho, au kitambaa kikining'inia kidevuni na kuacha mwanya, ni ndefu. Weka kiganja karibu na macho yake: ukihisi pumzi inapanda juu, hapo juu hapajashika, na waya mwembamba ulioshonwa ndani ya pindo la puani utasaidia. Lakini waya haurefushi barakoa fupi.

Na ufue kitambaa cha pamba kabla ya kukikata. Pamba mpya husinyaa ikifuliwa kwa maji moto, na kama ulikuwa na akiba ya nusu inchi tu, inaweza kuishia kwa beseni. Pia, uso wa mtoto unakua. Namba za Januari usizitumie mwaka ujao.

Tepu nayo ina mipaka. Haitaambia kama kitambaa ni chepesi mno, na haifanyi barakoa ya kitambaa kuwa ya daktari. Na kwa mtoto mdogo kabisa usipime chochote: WHO na UNICEF walisema mwaka wa 2020 kwamba watoto wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe kuvaa barakoa.

Kuna shule moja upande wa Bungoma iliyomrudisha mtoto wa jirani nyumbani kwa sababu "anavaa barakoa vibaya." Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa na barakoa fupi ambayo angeivuta juu mara mia na ingeshuka mara mia. Kila akiivuta, vidole vilivyoshika dawati vinagusa uso. Amekosa siku ya masomo kwa kosa la nusu inchi, baada ya kukaa nyumbani miezi tisa.

Walimu, kabla ya kumfokea mtoto, mwambieni ahesabu hadi ishirini muone. Wazazi wa Bungoma, mkiandikia fundi, msitume darasa. Tumeni namba mbili, ya mdomo uliofungwa na ya mdomo uliofunguliwa, kwa kila uso. Hata mtu akiwa Kitale, atashona itoshee.