Stima Ikipotea, Usikimbilie Barafu

Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea Kenya karibu nzima. Mkiposti mimemi za giza, mimi nilikuwa Makutano hapa Meru na chupa mbili za insulini kwenye friji iliyonyamaza. Nina kisukari cha aina ya kwanza, kwa hivyo bila hiyo dawa siko. Nikapaniki. Nikatoa pakiti za maziwa zilizoganda kwenye friza, nikazipanga ndani ya ndoo, nikalaza chupa zangu katikati, nikafunga kifuniko. Nikalala nikijiona mjanja.

Siku tatu baadaye sukari ilikuwa 19. Nikaongeza dozi kidogo, ikapanda 23. Nakojoa kila saa, mdomo mkavu, na chakula ni kilekile. Kwa kiliniki nesi hakuniuliza nimekula nini. Alichukua chupa yangu, akaiviringisha viganjani, akaiinua kwenye mwanga. Kulikuwa na chembe nyeupe zimeng'ang'ania kioo. "Hii iliganda," akasema. "Ilikufa usiku ule ule."

Hilo ndilo nataka ulibebe leo. Joto la siku chache hudhoofisha insulini polepole, lakini ikiganda hata mara moja imeisha, na hata ikiyeyuka hairudi. Insulini ya mchanganyiko ya 70/30, ambayo wengi wetu tunadunga, ikiviringishwa mara kumi inafaa kuwa nyeupe sawasawa kama maziwa. Ukiona mabonge, au kioo kimefanya kama umande mweupe usiotoka, tupa. Ile ya haraka inafaa kuwa safi kama maji. Na kuna ishara nyingine: sukari inapanda bila sababu na dozi haishiki. Hapo shuku chupa kwanza, usijiongezee dozi kama mimi.

Kichekesho ni kwamba ningeziacha tu mezani. Meru mwezi wa nane ni baridi, unajua wewe. Chupa iliyofunguliwa hukaa wiki nne nje ya friji, mradi joto lisipite nyuzi 30. Na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti mwaka 2021 uliotumia joto la kambi ya Dagahaley, kule Dadaab: insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu karibu sawa na ya kwenye friji. Lakini hizo ni wiki nne tu. Akiba ya miezi bado inahitaji friji.

Kwa shosho yangu upande wa Siakago, Mbeere, mchezo ni tofauti, jua la huko halina huruma. Pale tunatumia vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, unamwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Chupa inaingia kwenye karatasi ya plastiki iliyofungwa, ndani ya chungu kidogo, na kitambaa chenye maji juu. Weka kivulini penye upepo. Maji yakikauka hewani yanabeba joto. Wakati wa mvua hewa ina unyevu na chungu hakipoi sana, lakini siku hizo hata jua limepungua.

Sasa hesabu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitufunza kwamba daraja likienda na maji, chemisti iko ng'ambo. Kwa hivyo naweka ya siku 14. Mimi nadunga yuniti 18 asubuhi na 10 jioni, jumla 28 kwa siku. Mara 14 ni 392. Chupa moja ina yuniti 1,000, kwa hivyo inatosha, lakini naweka mbili kwa sababu kioo huvunjika ukikimbia. Sindano 28, stripu boksi la 50 na glukomita yenye betri ya ziada. Sukari ya kawaida pia: ikishuka chini ya 4, vijiko vitatu vya chai kwenye maji, kisha napima tena baada ya dakika 15. Na karatasi yenye jina la dawa na dozi, maana simu itazima.

Vyote viko kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, karibu na mlango, isipokuwa chupa mpya. Hizo ziko kwenye friji na karatasi mlangoni inanikumbusha. Nikinunua mpya, natumia ya zamani kwanza, ndiyo akiba isiekspaya.

Na ukihamishwa, ukose hamu ya kula, usiache insulini kabisa. Ukianza kutapika, kupumua kwa nguvu, au pumzi inanuka kama tunda lililoiva sana, hakuna kopo litakusaidia. Hapo ni hospitali, hata kama ni kwa bodaboda usiku.

Leo jioni toa chupa yako, iviringishe, iangalie kwenye mwanga. Ndiyo kazi ya kwanza.