Sifuri Mbili na Tiketi 31 za Bure

Wacha niwaambie kitu ambacho nimekuwa nikikificha tangu mwaka jana. Binamu yangu alikuwa anaandaa shoo ya dansi, na mimi nikajitolea kumtengenezea tovuti ya kuuza tiketi, bob 500 kila moja. Siku ya shoo watu 140 waliingia na tiketi halali kabisa. Usiku tukakaa chini na stetimenti ya M-Pesa, tukahesabu malipo 109. Tukarudia, bado 109. Tiketi 31 zilikuwa zimetoka bure. Hiyo ni 15,500, na msee wa spika alikuwa amesimama mlangoni akingoja pesa yake.

Binamu aliniuliza swali moja tu: "Kwani hukujaribu hiyo kitu kwanza?"

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimejaribu. Wiki mbili nzima nilikuwa kwenye sandboksi ya Daraja, ule uwanja wa majaribio ambao Safaricom huwapa watu wanaotaka kuunganisha tovuti zao na M-Pesa. Unafungua akaunti, unapewa funguo za majaribio na namba ya biashara ya kuigiza, 174379, halafu unatuma maombi yako kwa `sandbox.safaricom.co.ke` badala ya `api.safaricom.co.ke`. Nilifanya hayo yote. Shida ni kwamba nilifanya mazoezi ya kulipwa tu. Sikuwahi kufanya mazoezi ya kukosa kulipwa.

Sasa sikia vile inaenda. Mteja akibonyeza "Nunua", seva yako inaiomba Daraja itume ile menyu ya kuweka namba ya siri kwenye simu yake. Daraja inakujibu papo hapo. Ndani ya hilo jibu kuna hii:

```
"CheckoutRequestID": "ws_CO_...",
"ResponseCode": "0"
```

Niliona sifuri, nikajua sifuri ni poa, nikaandika msimbo wa kutoa tiketi hapo hapo. Lakini hiyo sifuri inamaanisha kitu kidogo sana: ombi lako limepokelewa. Mteja hata hajagusa simu. Ni kama mhudumu wa hoteli kukuambia "sawa, nimesikia" halafu wewe unaanza kupangusa mdomo.

Jibu lenyewe huja baadaye, baada ya mteja kuamua. Daraja hulituma kwenye anwani uliyoiweka ya seva yako, na hilo ndilo tunaloita kolbaki. Lina namba yake tofauti, `ResultCode`. Hiyo ikiwa 0, pesa imeingia, na utaona kiasi pamoja na namba ya risiti. Mteja akighairi, inakuja hivi:

```
"CheckoutRequestID": "ws_CO_...",
"ResultCode": 1032,
"ResultDesc": "Request cancelled by user."
```

Kolbaki zangu zilikuwa zinafika vizuri tu. Zilikuwa zinaandikwa kwenye faili moja ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaisoma. Nilipoifungua usiku ule nilizipata zote 31. Watu 19 walighairi, wanane simu zao hazikujibu, na wanne hawakuwa na salio la kutosha. Wote walikuwa wametumiwa tiketi kabla hata menyu haijapotea kwenye skrini. Na sidhani wote walikuwa wezi. Ukighairi halafu tiketi ikuingie, si utaenda shoo?

Deni nililipa pole pole. Baada ya miezi mitatu binamu akaandaa shoo nyingine, na kwa sababu zake mwenyewe akanipa tena kazi. Safari hii nilirudi sandboksi na orodha ya mambo mabaya.

Nilianza na simu yangu mwenyewe. Niliweka namba yangu na kiasi cha bob moja, maana menyu ilikuwa inanijia kabisa kwenye simu. Mara ya kwanza nikaghairi, nikangoja 1032. Mara ya pili nikazima simu, nikapata 1037, ambayo inamaanisha mteja hakupatikana au hakujibu kwa wakati. Salio likiwa halitoshi, namba ni 1. Kila mara nilikuwa naangalia kitu kimoja tu: je, tiketi imetoka? Na je, mteja anaona maneno ya kueleweka, ama anabaki akitazama duara linazunguka?

Halafu nikaigiza kolbaki mwenyewe. Nilihifadhi ile iliyofaulu kwenye faili, nikaitumia seva yangu kwa mkono:

```
curl -X POST https://tovuti-yangu.example/kolbaki \
  -H "Content-Type: application/json" -d @imelipwa.json
```

Nikaituma mara mbili. Tiketi mbili zikatoka kwa malipo moja. Hapo ndipo nikaanza kuweka alama kwenye kila `CheckoutRequestID`: ikishatumika, kolbaki ya pili haifanyi kitu.

Na manze, hapo hapo damu ikanipoa. Kama mimi naweza kuketi kitandani na kutuma "amelipa" ya uongo, mtu yeyote anayejua anwani ya kolbaki yangu pia anaweza. Kwa hivyo seva sasa huuliza maswali kabla ya kutoa tiketi. Hiyo `CheckoutRequestID` ni yangu, na bado inangoja? Kiasi ni kile nilichoomba? Kisha inaiuliza Daraja yenyewe kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`, mahali pa kuulizia ombi lilifika wapi.

Swali hilo hilo liliniokoa kwa zoezi la mwisho. Nilizima seva yangu, nikalipa, nikaiwasha tena. Kolbaki ilikuwa imekuja ikakuta mlango umefungwa. Mteja amelipa na hana tiketi, na huyo ndiye atakayekutusi kwa haki. Sasa ombi likikaa dakika mbili bila jibu, seva huenda kuuliza yenyewe.

Lakini sandboksi ina mwisho wake. Inajaribu msimbo wako, haijaribu akaunti yako. Ukienda laivu, anwani inabadilika, funguo zinabadilika, na namba ya biashara ni yako. Kwenye majaribio nilizoea kuandika `CustomerPayBillOnline`, lakini binamu alikuwa na tili. Tili inataka `CustomerBuyGoodsOnline`, na namba ya tili inakaa kwenye `PartyB`, si kwenye `BusinessShortCode`. Hiyo haikuniuma wakati wa mazoezi hata siku moja. Niliijua kwa sababu siku tatu kabla ya kufungua mauzo niliweka tiketi moja ya bob moja kwenye mfumo halisi, nikajaribu kuinunua, ikakataa. Nikarekebisha, nikainunua tena, nikaenda kutafuta hiyo bob kwenye stetimenti ya binamu kwa macho yangu.

Usiku wa shoo ya pili tulikaa tena chini na stetimenti. Tiketi zilizotoka mtandaoni 162. Malipo 162. Binamu akahesabu mara mbili bila kuniangalia, kisha akaniuliza kama nimekula.